Rafiki yako alijuaje kwamba ni mjomba? Kuhusu vidokezi na mbinu rejeshi

*"Nina miaka 22, naishi Kayole, napanga riwaya yangu ya kwanza ya sura 24. Neema ni fundi cherehani Gikomba. Alipokuwa na miaka tisa kibanda cha babake kiliteketea usiku, baba akafia ndani. Mjomba Kilonzo ndiye aliyemlea, na katika sura ya 22 tunagundua kwamba ndiye aliyewasha moto, bila kujua shemeji yake amelala humo. Ili nisimshtue msomaji bila msingi nimeweka utabiri: sura ya 1 mjomba anakataa kupita pale kibanda kilipokuwa, sura ya 2 anashtuka akiona kiberiti, sura ya 3 tunaona kovu la moto mkononi mwake. Sura ya 4 nzima ni mbinu rejeshi ya usiku ule. Rafiki mmoja amesoma hizo sura nne akaniambia, 'Ni mjomba.' Mwingine anasema hajui tuko lini, zamani au sasa. Nipunguze utabiri? Niondoe mbinu rejeshi? Kiasi kinachofaa ni kipi?"*

Usiondoe kitu bado. Marafiki wako wawili wanalalamikia jambo moja ingawa wamelisema tofauti: habari zako zinafika wakati msomaji hazihitaji. Kidokezi, ndicho ulichokiita utabiri, ni jibu unalolitoa kabla swali halijaulizwa, na ndiyo maana msomaji hulipita bila kuliona. Mbinu rejeshi ni jibu unalolirudia nyuma kulichukua baada ya swali kumkaa msomaji kooni. Wewe umegeuza. Vidokezi vyako vinauliza swali kwa sauti ya kondakta, halafu mbinu rejeshi inakuja kulijibu katika sura ya nne, wakati bado kuna sura ishirini za kutembea.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe maneno mawili ambayo shuleni mara nyingi hufungwa katika mzigo mmoja. Kisengere mbele ni pale msimulizi anaporuka mbele na kusema waziwazi litakalotokea: "Miaka mingi baadaye Neema angeutupa mkasi huo mtoni." Kidokezi hakisemi lolote kuhusu kesho. Ni kitu kilichopo leo, chenye sababu ya kuwapo leo, ambacho kesho kitaonekana kuwa kilikuwa na sababu ya pili. Waandishi wa riwaya ya kwanza hupenda sana sentensi za "laiti angalijua" wakidhani ndivyo vidokezi. Sivyo. Sentensi ya namna hiyo humtoa msomaji ndani ya tukio na kumwonyesha mwandishi ameketi mezani na kalamu. Ukiweza kuandika kitabu kizima bila hata moja, afadhali.

Tuna methali yetu kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na walimu huitumia kueleza utabiri. Inapotosha kidogo. Mkaaji wa Nairobi anajua mawingu ya Julai: yanafunika mji wiki nzima, baridi inauma, na tone halianguki. Kidokezi kizuri ni wingu la Julai. Unaliona, unavaa sweta, unaendelea na shughuli zako, kwa kuwa tayari lina maelezo. Ni baadaye tu ndipo unapogundua kwamba lile lilikuwa la mvua.

Hapo ndipo penye kosa la kiberiti chako. Msomaji, hasa akishajua kwamba kuna mtu aliyekufa kwa moto, hukiuliza kila kitu unachomwonyesha: wewe uko hapa kwa nini? Akipata jibu palepale ndani ya tukio, anakiachilia. Asipopata, anakiweka mfukoni kama ushahidi. Mjomba anashtuka akiona kiberiti, na katika tukio hilo kushtuka kwake hakusababishi lolote: chai haimwagiki, mazungumzo hayakatiki, hakuna anayecheka. Basi msomaji hukipa kiberiti kazi pekee iliyobaki, nayo ni kumshtaki mjomba. Tatizo si kwamba vidokezi ni vitatu. Vingeweza kuwa saba. Tatizo ni kwamba vyote vitatu vinamwelekea mtu mmoja, vyote vinahusu moto, vimefuatana sura kwa sura, na hakuna hata kimoja chenye kazi nyingine.

Kiberiti kifute. Kukataa kupita pale kibandani kunaweza kubaki, mradi Neema naye akatae. Wakizunguka wote wawili, kila siku, kwa njia ileile ndefu, bila kuambiana kwa nini, inakuwa desturi ya familia iliyofiwa. Msomaji ataona upendo. Hajakosea, ila hajaona yote.

Kovu ndilo hazina yako, nawe umelitupa kwenye sura ya tatu kama kitu cha kushtua. Lipe maelezo ya heshima, tena ya kweli: mjomba aliungua akijaribu kumtoa shemeji yake. Gikomba nzima inajua. Wazee wakikutana naye humshika mkono huo wakamwambia pole. Sasa kovu linafanya kazi katika kila tukio linamotajwa, kwa kuwa ndilo sababu ya Neema kumheshimu. Na katika sura ya 22 halitageuka kuwa uongo. Aliwasha moto akidhani kibanda ni kitupu, akaambiwa mna mtu, akarudi mbio, akaungua. Kovu lilelile ni la mwuaji na la mwokoaji. Kidokezi chenye maana mbili zilizo kweli ni bora kuliko chenye maana ya uongo inayoficha ya kweli, kwa sababu msomaji akirudi nyuma kukikagua hatajiona ametapeliwa.

Lakini kovu peke yake halithibitishi lolote. Unahitaji kitu cha kushikika kitakachomfunga mjomba na usiku ule, na ningekigawa nusu mbili, kila nusu isiyo na hatia ikisimama peke yake. Neema ni fundi, kwa hiyo tumia mkasi.

Nusu ya kwanza iwe sura ya 2. Mjomba alimpa Neema mkasi alipoanza kazi. Hivi ndivyo mwandishi mwenye haraka angeandika:

*Mkasi ule ulikuwa na alama ya ajabu: pete ya gumba ilikuwa imeungwa kwa shaba. Neema alijiuliza mara nyingi ulitoka wapi, lakini mjomba hakutaka kusema.*

Kila neno hapo linapiga kengele. "Ajabu", "alijiuliza", "hakutaka kusema". Na alama imewekwa mwisho wa sentensi, mahali ambapo sikio la msomaji hutua. Linganisha na hii:

*Alikuwa na mikasi mitatu: mdogo wa nyuzi, wa plastiki wa karatasi za ruwaza, na ule mzito aliopewa na mjomba, wenye pete iliyoungwa kwa shaba, uliomwacha na sugu kwenye gumba ukubwa wa punje ya mahindi. Mteja aliiona ile sugu akacheka. "Fundi, hii ndiyo pete ya ndoa?"*

Habari ni ileile. Shaba ipo, mjomba yupo. Lakini imekaa katikati ya orodha, ikasukumwa mara moja na sugu, na sugu ikazaa mzaha, na mzaha unatueleza kwamba Neema hajaolewa na wateja humtania. Msomaji amepata alichokitafuta, akaondoka. Ukitaka kujua kama kidokezi chako kimefichwa vizuri, kifute kwa muda usome tukio bila hicho. Tukio likibaki zima, kidokezi kilikuwa kimebandikwa tu. Likiyumba, kimeota mizizi.

Nusu ya pili iwe mbali, sura ya 9 hivi. Neema ameenda kwa mamake Machakos. Wanachambua maharagwe, mama anakumbuka hasara: "Kiliteketea kila kitu. Hata ule mkasi wake aliokuwa haubebi nyumbani, aliouvunja pete akaupeleka kuungwa kwa shaba." Halafu mazungumzo yahamie haraka kwenye ada ya mdogo wake Neema. Usimruhusu Neema anyamaze, wala aweke maharagwe chini, wala moyo umdunde. Akishtuka, umemwashia msomaji taa. Mwache asisikie vizuri, kwa sababu wakati huohuo anapigania jambo lake mwenyewe: anataka kumwomba mama pesa na hajui aanzeje. Mtu anayesubiri nafasi ya kuomba pesa hasikii habari za mikasi.

Msomaji mmoja kati ya watano, kumi, sijali ni wangapi, ataunganisha shaba na shaba palepale, naye utamfurahisha kuliko wote. Vidokezi havikusudiwi kuwafungia nje wasomaji wote. Vinakusudiwa kuwafanya waliopitwa waseme, wafikapo sura ya 22, kwamba walikuwa nacho mkononi.

Kati ya sura ya 9 na ya 22 ni mbali, na kitu kisichotajwa husahaulika. Usiongeze kidokezi kingine. Utumie tu mkasi kazini mara moja au mbili, ukate kitambaa, uanguke, unolewe, bila neno lolote la shaba. Unaweka kaa lisizime.

Halafu ukague upande wa uwezekano, maana hapa ndipo riwaya nyingi za siri huvujia. Mama angeuona mkasi huo angeutambua, kwa hiyo mkasi usitoke Gikomba na mama asifike kazini kwa bintiye mpaka utakapomhitaji afike. Neema mwenyewe alikuwa na miaka tisa, na mkasi ulikuwa haulali nyumbani. Inaaminika kwamba hakuukariri. Na mjomba, kwa nini aliuokoa? Sababu iwe ndogo, ya kibinadamu: naye ni fundi, na fundi haoni raha kuchoma mkasi mzuri. Uchoyo huo mdogo ndio unaomfichua.

Sasa tuje kwa yule rafiki wa pili.

Sura ya 4 inampoteza kwa sababu mbili, na ya kwanza si ya lugha. Umempeleka kwenye usiku wa moto kabla hajawa na sababu ya kutaka kwenda huko. Kufikia sura ya 4 msomaji anajua baba alikufa. Hajui kwamba kuna lolote lisiloeleweka kuhusu kifo hicho. Kwake ni historia. Mbinu rejeshi hustahimilika pale ambapo tukio la sasa limekwama na haliwezi kusonga bila kitu kilicho nyuma. Jiulize: msomaji angenyanyuka kitini kulipia nauli arudi usiku ule? Katika sura ya 4, hapana. Katika sura ya 11 au 12, baada ya mama kutaja mkasi na baada ya kovu kusifiwa mara mbili, atalipa hata bei ya saa za mvua.

Sababu ya pili ni urefu. Sura nzima inampa msomaji muda wa kuhamia huko, kisha unamtoa kwa nguvu. Usiku ule uugawe vipande viwili au vitatu, kila kimoja kati ya ukurasa mmoja na miwili, na kila kipande kikome mahali ambapo mtoto wa miaka tisa angekoma kuelewa. Neema anakumbuka alichokiona, si maana yake. Hapa uwe mwaminifu kabisa. Anayesimulia kwa nafsi yake akijua jambo huku akilificha ili kukushtua baadaye, anakuibia. Mtoto aliyeona bila kuelewa hamwibii mtu.

Kiswahili kimetupa vifaa vya kuingia na kutoka bila kuandika "Neema alikumbuka" kila mara. Hadithi yako ya sasa imesimuliwa kwa *-li-*. Ukiingia nyuma kwa *-li-* vilevile, msomaji hana namna ya kujua kwamba mlango umefunguliwa, na hapo ndipo rafiki yako alipotelea. Ingia kwa *alikuwa ame-* kwa sentensi moja au mbili tu, kisha rudi kwenye *-li-* na uachie *-ka-* ikimbize matukio. Ukishikilia *alikuwa ame-* ukurasa mzima utasikika kama ripoti ya polisi. Kutoka, rudi kwa sauti au kitu cha sasa, kwa ghafla, tena kifanyike na mtu mwingine. Tazama:

*Neema aliufungua mkasi. Chuma kilikuwa baridi kama kile kitanda. Alikuwa amelala ukutani, mama upande wa nje, na mlango ulikuwa umebishwa mara mbili kabla mama hajaamka. Mjomba aliingia na kifurushi cha gazeti kwapani. Mama alipogeuka kuchota maji, mjomba akainama, akakisukuma chini ya kitanda. Akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili. Wakanong'onezana. Cha tatu akakiacha nusu, akatoka mbio, mlango ukabaki wazi na baridi ikaingia.*

*"Fundi!" Mteja aligonga meza kwa ufunguo. "Suruali yangu ni ya leo ama ya Krismasi?"*

Baridi ya chuma ndiyo iliyofungua mlango, ufunguo wa mteja ndio uliofunga. Hakuna tarehe, hakuna nyota tatu katikati ya ukurasa, na bado hakuna atakayeuliza tuko lini. Tazama pia kwamba kipande hiki ni mbinu rejeshi na kidokezi kwa pamoja. Kinajibu swali moja (mjomba alikuwa wapi usiku ule?) na kinapanda jingine ambalo msomaji hajalitambua: walinong'onezana nini?

Jibu hilo alilete mama, kwa mdomo wake, sura ya 22, akiwa Gikomba kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mkasi ukiwa mezani. "Aliniuliza, 'Shemeji yuko wapi?' Nikamwambia leo amelala kibandani analinda mzigo." Mama anasema hivyo bila kujua anasema nini. Neema anajua, kwa sababu ameona kifurushi. Msomaji anajua, kwa sababu alikuwa kitandani naye. Huhitaji mtu yeyote aeleze. Ukimwandikia mjomba hotuba ya kuungama ya kurasa tatu, utakuwa umemlipa msomaji mara mbili kwa deni moja.

Kuhusu kupanga, fanya kazi hii kabla ya kuandika upya. Chukua daftari la mistari, gawanya ukurasa kwa wima. Kushoto andika usiku wa moto jinsi ulivyotokea, hatua kwa hatua: mjomba anatoa mkasi, anawasha, anaenda nyumbani kwa dadake, anaomba maji, anauliza, anarudi mbio, anaungua, siku tatu baadaye anachukua kifurushi. Kulia, mbele ya kila hatua, andika namba ya sura ambamo msomaji anaijua, na pembeni herufi N kwa sura ambamo Neema anaijua. Ni karatasi moja tu lakini inafichua mengi. Namba za kulia zikipanda sawasawa na matukio ya kushoto, unasimulia tu kwa mpangilio na mbinu rejeshi haikusaidii kitu. Hatua tatu zikiwa na namba moja, umemwaga gunia. Katika mswada wako wa sasa karibu zote zina namba 4. Na hatua isiyo na namba kabisa ni tundu: umeijua wewe tu, na umesahau kumwambia msomaji. Kwa kawaida tundu huwa kwenye jambo dogo unaloliona wazi mno, kama vile kwamba mkasi haukuwa ukilala nyumbani.

Usishangae ukigundua kwamba kidokezi kizuri hukipati mwanzoni. Wengi huandika mpaka mwisho, wakajua mkasi ni mkasi wakiwa sura ya 20, kisha wakarudi kuupanda sura ya 2. Msomaji husoma kutoka mbele kwenda nyuma ya kitabu. Wewe una ruhusa ya kuandika kinyume.

Ukimaliza, marafiki zako hao wawili hawafai tena kwa jaribio hili, kwa kuwa wanajua jibu. Tafuta wasomaji watatu wapya. Wape sura 1 hadi 12 na usiwaulize kama wamependa. Waulize mambo mawili: unadhani kilichotokea usiku wa moto ni nini, na ni wapi ulirudi nyuma kusoma sentensi tena? Wote watatu wakimtaja mjomba, tafuta sentensi inayomtaja na uipe kazi nyingine. Asipotajwa na yeyote, usishangilie haraka; wape sura ya 22 uone kama wanasema "aha" au "kwa nini?" Wakisema "kwa nini", vidokezi vimezikwa mno, na dawa yake ni kuisogeza ile nusu ya mama karibu zaidi, sura ya 15 hivi.

Ukiwa umefanya marekebisho mara mbili na wasomaji bado wanapotea mahali palepale, hapo shauri la kwenye barua halitoshi. Keti ana kwa ana na mhariri au mwalimu wa fasihi aliyezoea riwaya, na usimpelekee mswada wote kwanza. Mpelekee ile karatasi ya safu mbili pamoja na sura mbili tu, ile yenye nusu ya kwanza ya mkasi na ile ya 22. Akishindwa kuona tatizo kwenye hizo, mwambie asome zilizo katikati.